Chumba cha Nyuma: Historia ya Anekse Moja ya Kanyosha

Mwanafunzi anayetafuta chumba Kanyosha huambiwa na wenzake aulize mambo manne: usalama, maji, kelele, na kama mwenye nyumba huja akiitwa. Niliyauliza yote manne mwezi Oktoba 2022, nikiwa nimesimama uani na komisyoneri, yule kijana anayelipwa ili akuonyeshe vyumba. Nilijibiwa vizuri. Usalama upo, zamu analala getini. Maji yapo, bomba lile pale. Kelele hakuna. Mwenye nyumba anaishi hapa hapa. Hakuna hata jibu moja lililokuwa uongo, na bado niliishi pale miezi kama kumi na minane nikigundua polepole kwamba nilikuwa nimeuliza vibaya. Nilipaswa kuuliza chumba kile kilijengwa kwa ajili ya nani.

Insha hii ni historia ya chumba hicho. Vyanzo vyangu ni vitatu: mazungumzo na mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita Mama, daftari nililoandika siku za maji na siku zisizo na maji, na kuta zenyewe. Chanzo cha tatu ndicho kilichonifundisha zaidi.

Katika Bujumbura chumba cha aina hii huitwa anekse. Ni safu ya vyumba vitatu, vinne au vitano nyuma ya nyumba kubwa, mgongo wake ukiwa umeegemea ukuta wa kiwanja na milango yake ikitazama uani. Wazee bado wanatumia jina la zamani zaidi, boyeri, nalo linasema asili yake bila aibu: ni mahali pa kulala "boi", mtumishi wa nyumbani. Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi Usumbura mwaka 1897, na Wabelgiji walipochukua nchi waliujenga mji kwa mafungu. Waafrika wengi walikaa Buyenzi na Belge, mtaa ambao leo unaitwa Bwiza. Wazungu walikaa juu na katikati, Rohero na Kiriri, katika nyumba zenye bustani mbele na boyeri nyuma. Boyeri haikuwa na anwani yake wala geti lake. Maji na umeme vilikuwa mali ya nyumba kubwa, na mtumishi alivipata kwa kiasi alichoruhusiwa. Katika miaka ya 1950 shirika la serikali ya kikoloni lililoitwa OCAF lilijenga nyumba za wafanyakazi upande wa kaskazini, ndiyo maana hadi leo utasikia mtu akiita Ngagara kwa jina la Okafu. Zile zilikuwa nyumba kamili, kila moja na mlango wake. Lakini ramani iliyoshinda katika mji huu, iliyonakiliwa na kila mtu aliyepata kiwanja na matofali ya kutosha, ilikuwa ile ya Rohero: nyumba kubwa mbele, safu ndogo nyuma.

Chuo kikuu kwa upande wake kilianza na fikra nyingine. Kilipofunguliwa mwaka 1964 kwa jina la Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura, mwanafunzi alihesabiwa kuwa mtu wa kulazwa na kulishwa na dola. Hata baada ya kuitwa Chuo Kikuu cha Burundi kiliendelea hivyo kwa miaka mingi, na mabweni ya Mutanga na Kiriri yakawa sehemu ya sura ya mji. Kiriri penyewe palikuwa chuo cha Wajesuiti kabla ya kuwa kampasi. Mimi sitaki kuyasifu mabweni kana kwamba yalikuwa pepo. Mwaka 1972 wanafunzi walichukuliwa chuoni wakauawa, na usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni 1995 wanafunzi Wahutu waliuawa ndani ya kampasi ya Mutanga. Mtu anayeandika kuhusu usalama wa makazi ya wanafunzi katika mji huu hawezi kuanza na kufuli za milango kama kwamba hayo hayakutokea. Tena kitanda cha bweni kinaweza kuondolewa kwa tangazo moja. Tarehe 30 Aprili 2015, siku chache baada ya maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza kuanza, chuo kilifungwa na wanafunzi wakaamriwa kutoka mabwenini. Mamia wasio na nauli wala pa kwenda walipiga kambi karibu na ubalozi wa Marekani, wakalala pale wiki kadhaa. Tarehe 25 Juni polisi walipotaka kuwaondoa, walipenya chini ya geti wakaingia katika maegesho ya ubalozi. Kaka yangu mkubwa alikuwa na rafiki miongoni mwao. Ndiye aliyenishauri nisitafute kitanda cha chuo hata nikipewa. "Panga kwa mtu," aliniambia. "Mtu hafungi nyumba yake kwa siku moja."

Basi nikapanga kwa mtu.

Kanyosha iko kusini mwa mji, ng'ambo ya mto wenye jina hilo hilo ukitokea Musaga. Nilipohamia ilikuwa zoni ya komini ya Muha, pamoja na Musaga na Kinindo. Upande wa chini kuna barabara iendayo Rumonge na ziwa. Upande wa juu ni vilima, na mtaa unapanda kutoka huku kwenda kule. Kodi ya chumba chetu ilikuwa faranga 70,000 kwa mwezi, tukigawana wawili, na garanti ya miezi mitatu iliyolipwa kabla ya kupewa ufunguo. Vyumba vilikuwa vinne, wanafunzi wanane. Nyumba kubwa ilikuwa na watu sita.

Mama alinisimulia historia ya kiwanja kidogo kidogo, jioni, akichambua maharage. Familia yake iliteremka kutoka vilimani wakati wa vita, katika miaka ya 1990, ikaishi kwa ndugu. Vita havikuisha mara tu mkataba wa Arusha uliposainiwa Agosti 2000. Julai 2003 wapiganaji wa FNL walishambulia mitaa hii ya kusini, na Mama anaukumbuka mwezi huo kwa sababu walikuwa wamekwisha kuchimba msingi na mafundi wakakimbia. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya matofali mabichi, yale tunayoyaita rukarakara. Baadaye waliijenga upya kwa matofali ya kuchoma, na ile safu ya nyuma ikafuata: jiko, stoo, chumba cha kijana wa kazi, na chumba cha wageni kutoka kijijini. Mume wake alipofariki, watoto wakiwa bado shuleni, alimpangisha mwanafunzi mmoja chumba cha wageni. Vyuo vikuu vya binafsi vilikuwa vimeongezeka mjini na wanafunzi wasio na bweni walikuwa wengi. Mwaka uliofuata alimwondoa kijana wa kazi, kisha akahamishia jiko chini ya kibanda cha mabati, mwisho akasafisha stoo.

Ukishaijua hadithi hiyo, kuta zinasomeka. Dari ya chumba namba moja ilikuwa nyeusi chini ya rangi nyeupe, na kila mvua iliponyesha weusi ule ulichuruzika, kwa kuwa palikuwa jiko. Chumba namba nne, chetu, hakikuwa na dirisha bali matundu sita ya hewa karibu na bati, kwa kuwa magunia ya mihogo hayahitaji dirisha. Kati ya namba mbili na tatu paliwahi kuwa na mlango, ukazibwa kwa tofali moja jembamba lililosimamishwa ubavu, ndiyo sababu wa namba mbili walijua kila kitu alichoambiwa wa namba tatu kwenye simu. Nilipokwenda kuwatembelea wanafunzi wenzangu katika viwanja vingine vinne vya Kanyosha nilikuta hayo hayo kwa namna tofauti. Ninamshauri anayekagua chumba aangalie dari kabla ya sakafu, na agonge ukuta wa kando kwa kifundo cha kidole: ukuta uliokuwa mlango hulia kama debe.

Sasa maji. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipodanganyika zaidi bila kudanganywa.

Bujumbura hunywa ziwa. REGIDESO huvuta maji kutoka Tanganyika, huyasafisha, halafu huyasukuma hadi kwenye matangi yaliyo juu ili yateremke yenyewe kwenye mitaa. Ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kila hatua unayopanda kuelekea vilimani ni kazi zaidi kwa pampu. Umeme ukikatika pampu husimama. Watu wa chini wakifungua mabomba yao asubuhi, sisi wa juu hupata hewa inayokoroma. Kwetu maji yalikuja usiku, mara nyingi kati ya saa tano na saa kumi alfajiri. Komisyoneri alinionyesha bomba saa nne asubuhi na maji yakatoka, tena kwa nguvu. Siku hiyo ilikuwa ya bahati.

Lakini kiwanja kilikuwa na tangi. Lilisimama juu ya mnara wa matofali kando ya nyumba kubwa, jeusi, la lita 2,000, nami nilipoliona nilitulia. Hesabu ni rahisi: mtu mmoja akitumia bidoni mbili za lita ishirini kwa siku, yaani lita 40, watu kumi na wanne wanahitaji lita 560, na tangi lile lingetutosha siku tatu na nusu. Kiangazi cha 2023 maji yalikatika siku tano mfululizo. Siku ya kwanza asubuhi bomba la uani lilikuwa kavu. Nikasikia maji yakitiririka bafuni katika nyumba kubwa. Siku ya pili vile vile.

Nilimwuliza zamu, mzee mpole aliyekuwa akilinda kiwanja kile tangu chumba namba moja kilipokuwa jiko. Alinichukua hadi kwenye mita iliyo karibu na geti akanionyesha mabomba mawili yanayotoka pale. Moja lilipanda kwenye tangi, kutoka tangini likaingia nyumba kubwa. La pili lilitoka kwenye mita moja kwa moja hadi bomba la uani, bila kupita tangini. Lilikuwa bomba la zamani, la kumwagilia bustani na kufulia, lililowekwa kabla ya tangi kununuliwa. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kuwanyima wanafunzi maji ya akiba. Tangi lilipofika, fundi aliliunganisha na nyumba, na bomba la uani likabaki lilivyokuwa, kwa sababu wakati huo uani hapakuwa na mtu isipokuwa kuku na kijana wa kazi.

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja ambacho nimekitumia katika kila kiwanja nilichoingia. Mwombe zamu afunge valvu kubwa ya mita, halafu fungua bomba ambalo wapangaji hutumia. Maji yakiendelea kutoka baada ya dakika mbili tatu, bomba lile linakula tangini. Yakikatika, tangi lile si lako, hata kama lina lita elfu kumi. Inachukua muda mfupi kuliko kujadili kodi. Kama zamu hayupo, tazama mabidoni. Mahali ambapo wapangaji wameandika majina yao kwa rangi juu ya mabidoni na kuyapanga mstari mbele ya milango, maji ni ya kuviziwa.

Siku zile tano tulinunua maji kwa vijana wa baiskeli, faranga 500 bidoni. Wanane kwa bidoni mbili mbili ni faranga 8,000 kwa siku, na 40,000 kwa siku tano, zaidi ya nusu ya kodi ya chumba kimoja kwa mwezi. Tulimwendea Mama na hesabu hiyo imeandikwa. Alisikiliza, akasikitika kwa dhati, akatuma mtoto wake atuletee ndoo mbili kutoka bafuni. Tulipomweleza kwamba kiungo cha bomba, valvu moja na nusu siku ya fundi vingemaliza tatizo, alisema, "Nitaangalia, wanangu." Ikapita miezi mitatu.

Ni rahisi kuandika hapa kwamba hakujali. Niliamini hivyo kwa muda. Baadaye, mwanafunzi wa chumba namba mbili alipohitimu na kudai garanti yake, ndipo nikaelewa usimamizi wa kiwanja kile ulivyofanya kazi. Mama hakuwa na garanti ya kumrudishia. Pesa ile ilikuwa imekwisha kuwa plasta ya chumba namba tatu. Garanti ya namba tatu ilikuwa imekuwa bati la namba nne, na garanti yetu sisi, miezi mitatu ya 70,000, yaani faranga 210,000, ilikuwa mlango wetu wa chuma na sehemu ya karo ya binti yake. Hakuna benki iliyomkopesha. Wapangaji ndio waliokuwa benki, bila kujua. Kwa hiyo yule aliyehitimu alisubiri hadi mpangaji mpya alipolipa garanti yake, akapewa hiyo. Kila ombi la ukarabati liliangukia katika foleni hiyo hiyo. Kitu kilichozuia mpangaji mpya asiingie kilitengenezwa upesi: kufuli, rangi, taa ya uani. Kitu kilichowasumbua waliokwisha kulipa kilisubiri. Tangu hapo, nikitaka kujua kama mwenye nyumba husikia akiambiwa, nauliza swali moja tu kwa wapangaji wa zamani: aliyetoka mwisho alirudishiwa garanti baada ya siku ngapi?

Umeme ulikuwa na historia fupi zaidi. Mita moja ya kashipawa, ile ya kulipia kabla, ikiwa sebuleni mwa nyumba kubwa. Tulichanga kila wiki na kukatazwa jiko la umeme na pasi. Nitaliacha hapo.

Kelele, komisyoneri alisema hakuna, na Jumanne asubuhi hakukuwa na hata redio. Nyuma ya ukuta ulioegemewa na anekse palikuwa na kabare. Ukuta ule ulikuwa wetu na wao pia. Kreti za bia zilipangwa upande wa pili, kiasi cha mkono mmoja kutoka mahali nilipolaza kichwa. Nyumba kubwa, iliyo mita kumi na tano mbele, haikusikia karibu chochote, nami naamini Mama alisema kweli alipotuambia kwamba muziki hauzidi. Hilo nalo limo katika ramani: boyeri ilisukumwa mpakani ili moshi, harufu na sauti za kazi zikae mbali na sebule, kwa hiyo anayelala ndani yake hulala na jirani. Nilizoea kusoma kuanzia saa tisa usiku, baada ya kreti ya mwisho kuhesabiwa. Anayetaka kupima kelele aje Ijumaa baada ya saa tatu usiku, na arudi Jumapili alfajiri kusikiliza maombi, asimame ndani ya chumba mlango ukiwa umefungwa. Uani si kipimo.

Juu ya usalama wa watu nina machache. Zamu alifunga geti saa nne usiku. Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya mji, na uhaba wa mafuta ulipozidi, basi za Kanyosha zikawa chache; jioni tulipanga foleni saa mbili na zaidi, au tulitembea kutoka mjini hadi Musaga na kuvuka daraja kwa miguu. Kufika saa nne na nusu halikuwa kosa la mtu. Zamu alitufungulia kila mara, lakini alipougua wiki mbili na kijana mwingine akashika zamu, dada wawili wa chumba namba tatu walisimama nje karibu saa nzima. Na kuna daftari la kaya. Kila nyumba ya mjini hutakiwa kuwa na daftari lenye majina ya wanaolala humo, nalo hukaguliwa kwenye msako, polisi wakiwa na kiongozi wa nyumbakumi. Daftari ni la mwenye nyumba. Jina lako lisipoandikwa, kadi ya chuo haisaidii sana saa kumi na moja alfajiri. Mama aliliandika langu baada ya wiki tano, nilipomkumbusha mara ya nne. Yeye alidhani kwamba mtu wa anekse si mtu wa kaya. Nadhani hapo ndipo neno boyeri lilikuwa bado hai kabisa, ingawa halikutamkwa.

Hatari iliyotutoa haikupitia getini.

Kiwanja kilikuwa kwenye mteremko unaoelekea mto Kanyosha. Mto huu hauna maji mengi wakati wa kiangazi, watoto huuvuka. Mvua ikinyesha vilimani hushuka na mawe, hukwangua kingo zake, na kila ukingo unaoanguka huacha ukuta wa udongo uliosimama wima, ambao mvua inayofuata huuangusha tena. Watu huchimba mchanga na mawe mtoni kwa ajili ya ujenzi, ule ujenzi ulioifanya Kanyosha iwe Kanyosha, na kitako cha mto kikishuka, kingo hukosa pa kuegemea. Nyumba zimekwisha kupotea kando ya mto huu, si moja wala mbili. Nilipohamia, kati ya ukuta wa nyuma wa kabare na ukingo palikuwa na shamba dogo la mihogo. Sikulipima. Ningelipima.

Msimu wa mvua wa 2023 kuelekea 2024 ulikuwa wa El Ninyo. Ziwa lilipanda hadi likaingia nyumba za Kibenga na Gatumba, na tarehe 16 Aprili 2024 serikali pamoja na Umoja wa Mataifa waliomba msaada kwa ajili ya waliokumbwa na mafuriko. Kwetu sisi wa juu, ziwa halikuwa tishio. Mwezi Februari niliona ufa katika kona ya chumba chetu. Ulifuata maungio ya matofali, ukipanda kama ngazi, kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Mwenzangu, anayesoma uhandisi wa ujenzi, alinieleza tofauti. Ufa mwembamba kama unywele, ulio katika plasta tu, ni plasta iliyokauka vibaya. Ufa wa ngazi unaopita katika tofali na kupanuka unavyopanda maana yake upande mmoja wa msingi unashuka. Alibandika vipande viwili vya plasta ya jasi juu ya ufa akaandika tarehe kwa kalamu. Plasta ya jasi hainyumbuki. Ukuta ukisogea, itapasuka. Kipande cha kwanza kilipasuka baada ya siku kumi na moja, cha pili siku iliyofuata. Mlango wetu wa chuma, ule wa garanti, ukaanza kukwaruza sakafu.

Tukaenda ng'ambo ya ukuta, kwa ruhusa ya mwenye kabare, kupima kwa kamba. Kutoka ukuta wa nyuma wa kabare hadi ukingo zilikuwa hatua kumi na nane. Mihogo haikuwepo. Mwisho wa Machi zilikuwa kumi na mbili. Tarehe 9 Aprili, baada ya mvua ya usiku kucha, saba.

Tulimwita Mama aone. Alikuja, akaweka kiganja chake juu ya ufa, akakaa kimya muda mrefu. Kwa mara ya kwanza hakusema ataangalia. Alisema amekwenda zoni, na kwamba watu wa zoni walikuja wakaandika. Alisema gabioni, yale masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, zinahitaji kujengwa kuanzia chini mtoni na kwa urefu wa mtaa mzima. Mtu mmoja akijenga mbele ya kiwanja chake, mto huzunguka ukala kwa jirani kisha ukarudi. Alikuwa ameuliza bei. Alijua habari zile kuliko sisi wahandisi na wanahistoria.

Tulijadiliana siku mbili, wanane. Mitihani ilikuwa wiki tatu mbele. Dada wa namba tatu walitaka kubaki hadi imalizike, kwani kuhama kulimaanisha garanti mpya ya miezi mitatu mahali pengine na ya zamani haikuwepo. Sisi wa namba nne ndio tuliokuwa karibu zaidi na ukuta. Mwenzangu alisema hatuwezi kujua kama itachukua wiki au mwaka, na kwamba hilo ndilo tatizo: ufa hukuambia upande, haukuambii saa. Tulihama tarehe 13 Aprili kwa mkokoteni, safari tatu, tukaenda chumba kilicho upande wa chini wa barabara, kwa rafiki aliyekubali tulale sakafuni. Namba mbili wakafuata baada ya siku nne. Namba tatu walifanya mitihani yote wakiwa pale, wakilala katika korido ya nyumba kubwa. Mama aliwatandikia magodoro mwenyewe.

Ukuta wa kabare ulianguka mwezi Mei, usiku, hakuna aliyeumia. Anekse bado inasimama nikiandika haya, bila chumba namba nne. Mama alikibomoa mwenyewe akauza matofali na bati. Mwezi Juni alinipigia simu niende. Alinipa faranga 60,000 katika bahasha, akasema zilizobaki atanipa akiuza mlango. Nilipokuwa natoka nilipita mbele ya bomba la uani. Fundi alikuwa amechimba mfereji mfupi kutoka mnarani, na kiungo kipya cha plastiki kilionekana, bado hakijafukiwa. Zamu alikuwa anajaza ndoo. Saa ilikuwa saa nane mchana.